Tofali la udongo halikutudanganya, sisi ndio tulilinyima maji

Ndugu zangu vijana wa hapa Nakivale, na nyinyi watu wa mashirika mnaotusoma kimyakimya, leo naomba tugombane kidogo kuhusu kuta.

Tangu ile stoo ya kikundi chetu ianze kumomonyoka chini wakati wa mvua za Machi, kila mtu kijijini amekuwa injinia. Eti "udongo ni udongo tu, hata ukiutia simenti." Eti nyumba ya mtu mwenye akili ni ya matofali ya kuchoma, na ya mtu mwenye pesa ni ya bloku. Na mashirika yenyewe yanatujibu kwa wimbo mmoja: tofali la udongo na simenti halikati miti, kwa hiyo litumieni. Mimi nasema pande zote mbili zinakosea, na nilikuwepo pale mashine ilipoletwa, kwa hiyo naongea nilichokiona.

Tuanze na udongo, maana kosa la kwanza lilikuwa hapo. Tulichimba bondeni, kwenye mashimo ya wale wachomaji matofali, kwa sababu ni karibu. Tukajiambia, kama unafaa kwa tofali la kuchoma, utafaa kwa hili pia. Hapana. Mchomaji anataka udongo wa mfinyanzi, unaonata mkononi, kwa sababu moto ndio utaugeuza uwe kama chungu. Tofali la kushindilia haliingii motoni. Linashikwa na simenti, na simenti inataka mchanga wa kushika. Mfinyanzi ukizidi, tofali linasinyaa linapokauka na kupasuka, hata kama limetoka kwenye mashine likiwa zuri kama sabuni.

Kuna kipimo cha hili ambacho hakihitaji maabara. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4 kwa ndani. Kipake mafuta, kijaze udongo uliolowa, ushindilie vizuri, ukiache kivulini mpaka ukauke kabisa. Halafu usukume udongo wote upande mmoja na upime pengo lililobaki. Baada ya stoo kuharibika ndipo tulipofanya hivyo. Udongo wa bondeni uliacha pengo la zaidi ya sentimita 5. Huo ni wa kuuacha, au kuuchanganya na mchanga na kuupima tena. Maramu ya kule mlimani, tuliyoichimba baada ya kuondoa tabaka la juu lenye mizizi, iliacha sentimita 2. Kwa pengo hilo, ndoo 1 ya simenti inabeba ndoo 16 za udongo. Kwenye mafunzo tulipewa kipimo kimoja tu, na hakuna aliyeuliza udongo unatoka wapi.

Kosa la pili ndilo linaloniuma zaidi. Mradi ulikuwa unahesabu matofali. Kila jioni mtu anakuja na daftari: leo mangapi? Basi tulichanganya mfuko mzima wa simenti na udongo, tukamwaga maji kwenye rundo lote, halafu tukashindilia mpaka jua kuzama. Simenti haikusubiri daftari. Ikishaguswa na maji inaanza kushika, na baada ya kama nusu saa mpaka dakika 45 unachoshindilia ni simenti iliyoanza kufa. Rundo linatakiwa liwe dogo, la kumalizika ndani ya muda huo, kisha unalowesha lingine.

Halafu matofali yenyewe tukayapanga juani, siku ya pili yamekauka, tukashangilia. Jamani, tofali la simenti kukauka haraka siyo kukomaa. Simenti inakunywa maji ili iwe ngumu. Maji yakiondoka mapema, inabaki unga. Linatakiwa lifunikwe shitingi siku hiyohiyo, limwagiliwe angalau siku 7, na lisiingie ukutani kabla ya wiki 3 au 4. Sisi tulijenga wiki ya pili.

Ndiyo maana ukuta wetu ulikuwa na magonjwa mawili, na ukiangalia vizuri unayatofautisha. Ile mipasuko kama utando wa buibui, iliyotokea hata kabla ya mvua, ni mfinyanzi. Ule unga unaobaki kidoleni ukisugua tofali ni simenti iliyonyimwa maji.

Sasa nyinyi mnaosema tungechoma tu. Tofali la kuchoma lililoiva ni zuri, sibishi. Liloweke usiku kucha, asubuhi liko vilevile, na ukigonga mawili yanalia kama kengele. Lakini nendeni kwenye tanuru mkaangalie yale ya pembeni, yaliyo mbali na moto. Ni mepesi, rangi imepauka, ukiyagonga yanatoa sauti ya kopo. Nayo yanauzwa pamoja na mengine. Tena hayalingani, kwa hiyo fundi anayasawazisha kwa tope nene, na kama hilo tope ni la simenti, ile simenti mliyosema mmeikwepa imerudi kwa mlango wa nyuma. Na kuni? Mama anayekwenda kuokota za kupikia na kurudi jioni anajua tanuru linakula kiasi gani.

Bloku yenye matundu nayo ina heshima yake. Ndani ya matundu unaweza kupitisha nondo na kumwaga zege, na ukuta unapanda haraka. Lakini simenti, mchanga na kokoto zote zinakuja kwa gari, na muuzaji akitaka faida anapunguza simenti. Kwaruza kona yake kwa msumari: ikimwagika kama sukari, usinunue.

Kwa hiyo neno langu kwa vijana ni hili: acheni kuuliza tofali gani ni la maskini. Mimi chumba changu nitajenga mchanganyiko. Chini, mpaka sentimita 40 juu ya ardhi ambako maji yanarukia, nitaweka mawe au matofali ya kuchoma yaliyoiva. Juu yake la maramu na simenti, na bati litoke nje ya ukuta vya kutosha. Kwa tofali la urefu wa sentimita 29, upana 14 na kimo 11 na nusu, mfuko wa kilo 50 kwa kipimo cha 16 unatoa kama 80, na mita moja ya mraba inakula kama 30. Kwa kuwa yanashikana yenyewe, tope ni kidogo sana.

Na kwenu watu wa mashirika: mlituletea mashine, shitingi na simenti, lakini maji hamkuyaandika kwenye bajeti. Matofali 300 yalitaka majerikani 4 ya lita 20 kila siku, wiki nzima, na foleni ya bomba mnaijua. Nani angesimama foleni hiyo bila malipo ili amwagilie tofali, na nyumbani hakuna maji ya kuoga? Msituambie tofali hili linaokoa miti kama gharama yake mmeihamishia kichwani kwa dada zetu. Mradi ujao, lipeni mtu wa kumwagilia kama mnavyomlipa wa kushindilia. Na yule wa daftari ahesabu matofali yaliyofikisha siku 28, siyo yaliyotoka kwenye mashine leo.