Usikubali jibu la 'ameteguka tu' kwa picha moja

Mvulana wa miaka 12 aliletwa katika chumba cha eksirei ninamofanya kazi, mkono wake wa kulia ukining'inia kwenye leso ya mamaye. Wiki tatu zilizotangulia alikuwa ameanguka akicheza kandanda katika uwanja wa changarawe, akajikinga kwa kiganja. Jioni hiyo hiyo alipelekwa katika zahanati moja ya mtaani. Alipigwa picha moja tu, ya kutoka juu, mkono ukiwa umelazwa kifudifudi mezani. Aliyeitazama akamwambia mama kwamba mfupa uko sawa, mtoto ameteguka tu. Akapewa tembe za maumivu. Siku ya nne uvimbe ulipokataa kupungua, nyanya yake akamwita mkandaji, naye akaukanda mkono huo kwa mafuta ya moto kwa siku mbili huku mtoto akipiga mayowe.

Mimi nilimpiga picha mbili, ya kutoka juu na ya ubavuni. Ile ya juu ilikuwa na dosari ndogo ambayo mtu mwenye haraka angeipita. Ile ya ubavuni haikuhitaji mtaalamu. Ncha ya mfupa, karibu na kifundo cha mkono, ilikuwa imeteleza kuelekea mgongo wa mkono, nayo ilikuwa imebeba kipande cha mfupa chenye pembe tatu. Kando yake palikuwa na weupe mfano wa ukungu. Huo ulikuwa mfupa mpya, dalili kwamba jeraha lilikuwa limekwisha kuanza kuunga likiwa limepinda.

Ndugu msomaji, nitasema wazi msimamo wangu. Kwa mtoto anayekua, picha moja ya mkono si uchunguzi, na neno 'kuteguka' halifai kuwa la kwanza kutajwa. Mtu mzima akianguka hivyo huenda kano zinazoshikanisha mifupa zikanyambuka. Kwa mtoto mambo ni kinyume. Kano zake huwa imara kuliko gegedu lililo karibu na ncha ya mfupa, na kitu dhaifu ndicho hushindwa kwanza. Basi mtoto aliyevimba kifundo cha mkono ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa ameumia mfupa au gegedu kuliko kano.

Hebu tuutazame mfupa wenyewe. Kigasha kina mifupa miwili, na ule ulio upande wa kidole gumba ndio huumia mara nyingi. Ncha yake ina kofia ndogo ya mfupa. Kati ya kofia hiyo na shina kuna ukanda mwembamba wa gegedu, ambao ndio kiwanda cha urefu. Takriban robo tatu ya urefu wote wa mfupa huo hutoka kwenye ukanda huo mmoja ulio karibu na kifundo cha mkono. Gegedu halina chokaa ya kuzuia miale, kwa hivyo kwenye picha huonekana kama ufa mweusi. Hapo ndipo kosa huzaliwa kwa namna mbili. Kuna anayeuona ufa huo wa kawaida akadhani mfupa umevunjika, na kuna anayeuona mvunjiko wa kweli akadhani ni ufa wa kawaida.

Nianze na jeraha jepesi zaidi. Mfupa wa mtoto una unyumbufu ambao wa mtu mzima hauna. Ukibanwa kwa urefu wake, ukuta wake hauvunjiki bali hujikunja na kufura, kama mkebe wa soda uliokanyagwa kidogo kwa juu. Mkunjo huu hutokea sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kifundo cha mkono. Usitafute mstari mweusi, kwani hakuna. Fuata ukingo mweupe wa mfupa kwa ncha ya kalamu, kutoka katikati ya kigasha kuelekea kiganjani. Ukingo wa mfupa mzima huteremka kwa mpindo laini. Kalamu ikirukia kijinundu au pembe ya ghafla, hapo ndipo penye mkunjo. Mara nyingi kijinundu hicho huwa upande wa mgongo wa mkono na huonekana kwenye picha ya ubavuni pekee. Aliyepiga picha ya juu tu hana la kujitetea.

Mkunjo kama huo, ikiwa kuta zote hazikukatika popote, hupona wenyewe kwa wiki tatu hivi. Hapa nina lalamiko jingine, la upande wa pili. Tunawafunga watoto hawa plasta nzito kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko kwa wiki sita, mzazi analipia plasta, analipia kuikata, analipia picha nyingine, na mtoto anakosa kuandika darasani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la Lancet uliwahusisha watoto 965 wa Uingereza wenye umri wa miaka 4 hadi 15. Baadhi walipewa bendeji laini, wengine wakafungwa kibao kigumu. Siku ya tatu maumivu yao hayakutofautiana, na uponyaji ulikuwa sawa. Bendeji, dawa ya maumivu na maelezo mazuri kwa mzazi vyatosha. Plasta nzito ya mkunjo mwepesi ni gharama ya bure.

Lakini sharti kuwa na hakika kwamba ni mkunjo kweli. Ndugu yake, ambaye hufanana naye kwa mtu asiye makini, ni mvunjiko wa kijiti kibichi. Wewe uliyelelewa mashambani unajua kinachotokea ukipinda kijiti kilichokatwa sasa hivi mtini. Upande wa nje wa mpindo hupasuka nyuzinyuzi, upande wa ndani hupinda bila kukatika. Mfupa wa mtoto hufanya vivyo hivyo. Kwa hivyo kalamu yako isiridhike na ukingo mmoja. Ukishaona kijinundu upande huu, vuka ufuate ukingo wa upande wa pili. Ukiukuta umekatika, hata kwa pengo la upana wa uzi, hilo si jeraha la bendeji. Upande uliopinda bila kukatika hubaki kama upinde uliovutwa, na waweza kuuvuta tena mfupa ukiwa ndani ya plasta. Ndiyo maana mtoto huyu hurudishwa kupigwa picha baada ya wiki moja, na tena baada ya wiki mbili, wakati mfupa ungali laini na kosa laweza kurekebishwa. Mzazi anayeziruka siku hizo kwa kuwa mtoto 'halii tena' hugundua upinde siku plasta inapokatwa.

Turudi sasa kwa mvulana wetu, maana jeraha lake ndilo linalonikosesha usingizi. Mwaka wa 1963 madaktari wawili wa Kanada, Robert Salter na Robert Harris, walipanga majeraha ya gegedu la ukuaji katika aina tano, nasi tungali tunazitumia. Aina ya pili ndiyo ya kawaida kuliko zote. Ufa hupita ndani ya gegedu, kisha kabla ya kufika upande wa pili hukata kona na kutoka kupitia shina la mfupa. Kile kipande cha pembe tatu ndiyo saini yake. Huenda kikawa kidogo kama punje ya mchele, na mara nyingi hukaa upande ule kofia ilikosukumwa. Ukikiona, usiwe na shaka tena.

Aina ya kwanza ina hila zaidi. Ufa hupita ndani ya gegedu peke yake bila kugusa mfupa. Kama kofia haikuteleza, au iliteleza ikarudi mahali pake, picha zote mbili zaweza kuwa safi kabisa. Labda ukanda mweusi utaonekana mpana upande mmoja kuliko mwingine. Hapo kidole ni bora kuliko mashine. Bonyeza taratibu mfupa wa upande wa kidole gumba, karibu upana wa kidole kimoja kutoka kwenye kiungo. Mtoto akiruka kwa uchungu papo hapo kwenye ukanda wa ukuaji, basi mfunge mkono kama uliovunjika, umrudishe baada ya siku 7 hadi 10. Mfupa mpya unaoanza kuota pembeni utatoboa siri ambayo picha ya kwanza ilificha. Aina ya tatu na ya nne hufika hadi ndani ya kiungo na aghalabu huhitaji mpasuaji. Ya tano ni gegedu kupondwa, nayo hujulikana baadaye, mfupa unapokataa kurefuka.

Kwa nini wiki tatu zilikuwa nyingi mno? Kofia iliyoteleza, ikirudishwa mahali pake mara moja, kwa upole na mtoto akiwa amelazwa usingizi, kwa kawaida hupona vizuri. Baada ya wiki moja hivi hali hugeuka. Gegedu limekwisha kushikana na mfupa mpya, na kulisukuma kwa nguvu kwaweza kuliharibu kuliko alivyoliharibu kule kuanguka. Ukandaji wa mkandaji ni msukumo huo huo, tena bila dawa ya usingizi na bila picha. Simlaumu nyanya. Yeye alimwita mkandaji kwa sababu ameambiwa na mwenye koti jeupe kwamba mfupa ni mzima.

Kwa hivyo mtoto wako akianguka kwa kiganja, omba picha mbili, ya juu na ya ubavuni iliyonyooka, kifundo cha mkono kikiwa katikati. Palipouma zaidi onyesha kwa kidole kimoja kabla hajaingia chumbani, maana mpiga picha hawezi kulenga asichoambiwa. Siku hizi picha nyingi huwa kwenye kompyuta. Omba upewe nakala pamoja na maelezo yaliyoandikwa. Ukisoma 'hakuna mvunjiko unaoonekana', fahamu kuwa maneno hayo yanazungumzia picha, hayamzungumzii mtoto, na uulize umrudishe lini. Lakini vidole vikiwa baridi, vimepauka, vimekufa ganzi au vikiuma kupita kiasi vinaponyooshwa, usingoje tarehe yoyote, rudi usiku huo huo.

Mvulana yule hakusukumwa mfupa. Daktari wa mifupa aliamua kuuacha, kwa kuwa alikuwa na miaka kadhaa ya kukua mbele yake, na mpindo ulio karibu na ukanda wa ukuaji hujinyoosha wenyewe kadiri mfupa unavyorefuka. Kila miezi mitatu nilimpiga picha, mikono yote miwili, tukilinganisha urefu. Picha ya mwaka mmoja baadaye ilionyesha mpindo umepungua zaidi ya nusu na ukanda mweusi ungali wazi kutoka ukingo hadi ukingo. Amerudi uwanjani. Miadi yake ijayo ni baada ya miezi sita.