Sutitre za filme: aksan moja inaweza kumgeuza aliyeuawa kuwa muuaji

Filme nyingi za ushuhuda kuhusu vita vya mashariki mwa Congo zinatoka na sutitre za Kifaransa. Mama wa Walungu anaongea Mashi ao Kiswahili, na chini ya picha maneno ya Kifaransa yanapita. Siku mtu anataka kuonyesha filme hiyo katika Kiswahili, kazi inaanzia kwenye maneno hayo: yatolewe ndani ya disike, yageuzwe kuwa maandishi, kisha yatafsiriwe. Kijana mwenye ordinatere anapewa DVD na kuambiwa alete kazi kesho asubuhi, kwa kuwa mashini inasoma yenyewe. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mashini inasoma kweli, lakini haijui inasoma kuhusu nani.

Watu wengi hawajui kwamba sutitre za DVD si maandishi. Ni picha. Kila sentensi imechorwa kama picha ndogo, na kisomaji cha DVD kinaiweka juu ya filme kwa dakika na sekunde zilizopangwa. DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1996, njia hiyo ilikuwa na akili: kisomaji hakikuhitaji kujua Kiarabu, Kichina ao Kifaransa, kilionyesha tu kile kilichochorwa. Blu-ray zilifuata njia ileile kwa picha kubwa zaidi. Ndiyo maana huwezi kunakili maneno hayo sawa vile unavyonakili ujumbe wa simu.

Kutoa picha hizo si kazi ngumu. Disike ikisha kuwekwa ndani ya fishie ya mkv, programu za bure za MKVToolNix zinaonyesha kilichomo. Mtu anaandika amri ya kwanza, anapata orodha, kisha anatoa mstari anaoutaka:

```
mkvmerge -i filme.mkv

Track ID 0: video (MPEG-1/2)
Track ID 1: audio (AC-3)
Track ID 2: subtitles (VobSub)

mkvextract filme.mkv tracks 2:filme.sub
```

Neno `VobSub` linasema kwamba ni picha za DVD. Kama ingekuwa Blu-ray, pangeandikwa `HDMV PGS`. Kama pangeandikwa `SubRip/SRT`, maandishi yangekuwa tayari, na hakuna haja ya kuendelea na kazi hii yote. Na kama orodha haina mstari wowote wa sutitre huku maneno yanaonekana kwenye filme, basi yamechomwa ndani ya picha yenyewe. Hiyo ni kazi nyingine, ngumu zaidi.

Amri ya mwisho inazaa fishie mbili. `filme.sub` ina picha. `filme.idx` ni maandishi ya kawaida yenye rangi na saa ya kila picha. Saa hizo hazisomwi kwa kukisia, zinatoka moja kwa moja kwenye disike. Jambo hilo lina faida kubwa, na litarudi mbele.

Sasa inakuja OCR, ni kusema kuisomesha mashini picha ili itoe herufi. Wengi wanatumia Subtitle Edit, programu ya bure, ambayo inaweza kuita msomaji mwingine anayeitwa Tesseract. Tesseract ilizaliwa katika kampuni ya Hewlett-Packard miaka ya 1980, na ilifunguliwa kwa watu wote mwaka wa 2005. Ilitengenezwa kwa ajili ya kurasa za karatasi zilizopigwa picha vizuri, si kwa ajili ya DVD. Picha ya DVD ya Ulaya ina pikseli 720 kwa 576, basi, na sutitre ni sehemu ndogo tu ya hapo. Herufi yenyewe inasomeka. Lakini aksan iliyo juu ya herufi inachorwa kwa pikseli chache sana.

Chukua mfano wa sentensi moja fupi: « Un soldat tué au marché. » Maana yake ni kwamba askari mmoja ameuawa sokoni. Aksan ya neno la tatu ikipotea, inabaki « Un soldat tue au marché », ni kusema askari mmoja anaua sokoni. Marehemu amegeuka muuaji. Programu ya kukagua tahajia haitasema kitu, kwa sababu « tue » na « tué » yote ni Kifaransa safi na yote yako katika kamusi. Mtafsiri asiyetazama picha atatafsiri vizuri kabisa sentensi ya uongo, na katika Kiswahili hakuna hata alama moja itakayobaki ya kumshtua msomaji.

Mara nyingi aksan inapotea kwa sababu ya rangi. Kila picha ya sutitre ya DVD ina rangi nne tu: ya nyuma ambayo haionekani, ya herufi yenyewe, ya ukingo mweusi unaoizunguka, na moja ya katikati ya kulainisha. Kama programu inachukua ukingo na herufi kuwa kitu kimoja, aksan inagandamana na « e » iliyo chini yake, na mashini inaona doa. Dawa ni kuchagua rangi kwa mkono kabla ya kuanza: kuacha rangi ya herufi peke yake na kufanya nyingine zote zisionekane. Kazi hiyo inachukua dakika mbili. Anayetaka kujua kama amefaulu atazame picha kumi zenye « é » na « è » kabla ya kusomesha filme nzima.

Kwa DVD kuna njia nyingine inayostahili kusifiwa, ijapokuwa vijana wengi wanaikimbia. Katika Subtitle Edit inaitwa `Binary image compare`. Programu inaonyesha umbo la kila herufi, mtu anaandika ni herufi gani, na programu inakumbuka. Mwanzo unachosha, kwa maana inauliza kila mara. Lakini herufi za DVD zimechorwa kwa namna ileile kutoka mwanzo hadi mwisho, basi maswali yanapungua haraka. Kwa njia hii « é » ni umbo lake na « e » ni umbo lake, na moja haiwezi kuteleza na kuwa nyingine, isipokuwa mtu mwenyewe akosee mkono wakati wa kufundisha. Hapo kosa litarudiwa katika filme yote. Hata hivyo, kosa linalorudiwa mara mia linaonekana. Lile la Tesseract linatokea hapa na pale, na ndiyo maana linajificha.

Hatari ya pili ni majina ya mahali. Katika herufi nyingi zinazotumiwa kwa sutitre, « I » kubwa na « l » ndogo ni fimbo moja iliyosimama. Hakuna jicho wala mashini inayoweza kuzitenganisha kwa umbo. Mashini inakisia kwa kutazama kamusi. Kwa neno « Il » inafaulu, sababu kamusi ya Kifaransa inalijua. Kwa Idjwi, Ituri, Irumu ao Itombwe haina msaada. Fishie inayotoka inaweza kuonekana hivi:

```
412
00:38:05,200 --> 00:38:08,440
À ldjwi, ils sont venus la nuit.
On a compté 1OO maisons.
```

Idjwi imeanza na « l » ndogo, na mia moja imeandikwa kwa herufi « O » mbili kwenye nafasi ya sifuri. Kwenye ekrani mtu haoni kitu. Lakini siku mtafiti atakapotafuta neno « Idjwi » ndani ya fishie hiyo, ordinatere itamjibu kwamba kisiwa hicho hakitajwi popote. Ushuhuda upo, na hauonekani.

Mbaya zaidi ni kisanduku kinachoitwa `Try to guess unknown words`. Kikiwashwa, programu inapokutana na neno isilolijua inajaribu kuweka neno la karibu lililo katika kamusi yake. Kwa filme ya Paris ni msaada. Kwa filme inayotaja vijiji vya Kalehe ao Djugu ni kumpa mgeni kalamu ya kusahihisha majina ya wenyeji. Kisanduku hicho kizimwe. Badala yake, kabla ya kuanza, mtafsiri aandike majina yote ya watu na ya mahali anayotarajia ndani ya filme, na ayatie katika orodha ya majina ya programu. Atakayejua orodha hiyo ni mtu wa hapa, si kamusi.

Kisha inabaki kazi ambayo hakuna anayetaka kuilipia: kukagua. Tuseme filme ya saa moja na nusu ina sutitre 1.000, na kila moja ina herufi 30. Hizo ni herufi 30.000. Mashini ikisoma sawasawa herufi 99 katika 100, yanabaki makosa 300. Kuyatafuta ni kuweka picha na maandishi pamoja na kupita sutitre moja moja. Kwa sekunde tano kila moja, ni karibu saa moja na dakika 23 bila kupumzika. Shirika ao televizio inayolipa « tafsiri » bila kuhesabu saa hizo inanunua makosa, na lawama itamwangukia kijana.

Lakini hata ukaguzi mzuri una mpaka wake. Sutitre ya Kifaransa tayari ni tafsiri, tena imefupishwa ili iweze kusomwa kwa sekunde tatu. Mama anayeongea Kiswahili cha Uvira amesema maneno mengi kuliko yale yaliyoandikwa chini. Kutoa Kifaransa chake kwenye picha na kukirudisha katika Kiswahili, huku sauti yake mwenyewe inasikika, ni kumvua maneno yake mara mbili. Hapo ndipo zile saa za `filme.idx` zinapopata thamani yake: mtafsiri achukue saa, ambazo ni za kweli, afute Kifaransa, asikilize, na aandike kile mama alichosema. OCR ibaki kwa sehemu ambazo msemaji anaongea lugha ambayo mtafsiri haisikii.

Kuhusu haki, tafsiri ya filme ya mtu inaombwa ruhusa kwa mwenye filme. Siku hiyohiyo ya kuomba ruhusa ndiyo siku ya kuomba pia fishie ya maandishi. Kampuni iliyotengeneza DVD ilianza na maandishi kabla ya kuyachora kuwa picha, na mara nyingine bado inayo kwenye byuro yake. Mashirika ya Goma na Bukavu yanayokubali kusaidia watengeneza filme wanaokuja kurekodi wakaaji yangeweza kuandika sharti hilo katika mkataba wa kwanza: pamoja na disike, waache fishie ya .srt yenye maneno ya mashahidi katika lugha waliyoongea, na majina ya vijiji yaliyosomwa na mtu wa pale.