Hoja Nne za Uvivu Kuhusu Mahitaji ya Gemu

Studio ndogo ikikaribia kuuza gemu yake, kisanduku cha mahitaji ya kompyuta hujazwa mwisho kabisa, watu wakiwa wamechoka. Ndipo zinapozuka hoja hizi nne. Mimi sikubali hata moja.

Ya kwanza: "Tuweke kadi ya picha inayoongoza kwenye takwimu za Steam, ndiyo waliyo nayo wengi." Takwimu hizo hutolewa kila mwezi na zina manufaa, ila kuongoza huko si wingi. Kadi ya kwanza mara nyingi haifikishi hata asilimia 10 ya walioshiriki. Ukiifanya kiwango cha chini, umewafungia mlango wote wenye kadi dhaifu kuliko hiyo. Orodha isomwe kuanzia chini: jumlisha asilimia za kadi zote zilizo dhaifu kuliko ile unayoifikiria, na jumla hiyo ndiyo sehemu ya wachezaji unaowaacha. Kisha amua kama unaweza kuwaacha.

Ya pili hupendwa sana na wachoraji: "Gemu yetu ni ya 2D, itacheza popote." Hii ndiyo inayowaponza wengi. Chukua HP EliteBook 840 G3, laptopu ya mwaka 2016 ambayo bado inauzwa kwenye maduka ya mitumba ya Dar es Salaam na Nairobi. Haina kadi ya picha ya peke yake. Inategemea Intel HD Graphics 520 iliyo ndani ya prosesa, nayo hutumia RAM ileile ya kompyuta.

Sasa tuseme gemu yako ina msitu wenye ukungu, vivuli na mwanga, tabaka sita zinazopitisha mwanga, kila moja imejaza skrini nzima. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta kama milioni 2. Kwa tabaka sita, kila fremu inapaka nukta milioni 12, na kwa fremu 60 inakaribia milioni 750 kila sekunde. Kila nukta inasoma picha ya tabaka, inasoma rangi iliyopo chini yake, kisha inaandika rangi mpya. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni kama GB 9 kwa sekunde. Laptopu hiyo ikiwa na kijiti kimoja tu cha RAM, njia yake yote ni GB 17 kwa sekunde, na prosesa inapita humohumo. Ukiongeza kijiti cha pili, njia inakuwa maradufu. Ndiyo maana kompyuta mbili zenye GB 8 kila moja, moja kwa kijiti kimoja na nyingine kwa viwili, zinaweza kuicheza gemu moja kwa tofauti kubwa.

Utajuaje kama tatizo ni picha? Shusha dirisha la gemu hadi 1280 kwa 720, ambapo nukta zinabaki asilimia 44. Fremu iliyokuwa ikichukua milisekunde 34 ikishuka hadi 17 hivi, kosa ni la tabaka: punguza ukungu, au mpe mchezaji swichi ya kuuzima. Ikibaki 34 palepale, prosesa ndiyo imelemewa na msimbo wako, na kushusha ukubwa wa picha hakutasaidia kitu.

Ya tatu: "Tumeijaribu dakika tano, iko poa." Prosesa za laptopu nyembamba huanza kwa kasi, zikipata joto hujipunguza. Cheza nusu saa, katika sehemu nzito kuliko zote, chaja ikiwa imechomekwa na kisha kwa betri. Wala usitazame wastani peke yake. Wastani wa fremu 60 huweza kuficha mikwamo ambayo mchezaji anaiona kila anaporuka.

Ya nne ni "tuandike juu, tujikinge." Anayeandika juu hupoteza wateja ambao mashine zao zingeiweza gemu, na hatajua kamwe ni wangapi. Anayeandika chini mno hurudishiwa gemu yake, kwa kuwa Steam humpa mnunuzi siku 14 za kudai pesa endapo hajafikisha saa mbili za kucheza.

Kiwango cha chini kiambatane na ahadi inayopimika: mashine hii, kwa 1280 kwa 720, mipangilio ya chini, fremu 30, yaani milisekunde 33 kwa kila moja. Kinachopendekezwa kiahidi 1920 kwa 1080 na fremu 60. Kabla hujaandika hata neno moja kwenye kisanduku hicho, nunua laptopu moja ya mtumba, iachie kijiti kimoja cha RAM, na ucheze gemu yako humo mpaka mwisho.