Ratiba ya Shule Ndogo Ianze na Hesabu

Walimu wengi wanaoanza kazi hutunga ratiba kwa kuanzia Jumatatu kipindi cha kwanza, wakajaza masomo hadi nafasi zikwishe. Katika shule ndogo njia hiyo haifai. Twashauri mwalimu ahesabu kwanza.

Tuchukue mfano. Darasa la I na la II wana mwalimu wao na chumba chao. Madarasa manne, la III hadi la VI, yana walimu 3 na vyumba 3. Kila darasa lina vipindi 6 kwa siku, yaani 30 kwa juma, jumla 120. Walimu 3, hata wasipopumzika kamwe, hufundisha vipindi 90 tu. Basi kila kipindi lazima madarasa mawili yakae pamoja. Swali la haki ni hili: yakae pamoja kwa somo lipi?

Tuunganishe la III na la IV, na la V na la VI. Hisabati na usomaji wa lugha hupanda ngazi kwa ngazi, kwa hiyo yafundishwe mbalimbali: Hisabati vipindi 6, Kiswahili 3, Kiingereza 3, jumla 12 kwa kila darasa. Sayansi, Maarifa ya Jamii, Stadi za Kazi na michezo yaweza kufundishwa pamoja, mada za darasa moja mwaka huu na za jingine mwaka ujao.

Hivyo katika vipindi 12 la V na la VI hutengana, wadogo wakiwa pamoja. Katika 12 vingine huwa kinyume chake. Hubaki 6, ambavyo jozi zote mbili huwa pamoja. Hapo mwalimu mmoja hupumzika, na chumba kimoja huwa kitupu.

Vipindi hivyo 6 ndivyo vya masomo ya vipindi viwili mfululizo. Viwekwe kwanza katika ratiba, siku tatu, kipindi cha 5 na cha 6, baada ya mapumziko marefu, ili vifaa vipangwe wakati wa mapumziko na jaribio lisikatizwe na kengele. Jozi moja ikiwa na Sayansi, nyingine iwe na Stadi za Kazi, zisigombee vifaa. Wako watakaosema kwamba saa hizo watoto wamechoka. Twajibu kuwa mtoto aliyechoka hufaidika zaidi akishika kitu kuliko akisikiliza.

Ratiba ikikamilika, isomwe kipindi kwa kipindi, madarasa yote manne kwa pamoja. Jina la mwalimu likitokea mara mbili katika kipindi kimoja, bila madarasa hayo kuwa jozi, pana kosa.

Hata hivyo, ratiba hii haihimili mwalimu kuugua. Wakibaki wawili, jozi zote zitakaa pamoja siku nzima, na Hisabati ndiyo itakayoumia. Kwa hiyo ratiba ya pili, ya walimu wawili, itungwe mapema na kubandikwa kando ya ile ya kwanza.