Mwongozo mmoja, faili mbili: kipa ahesabu sita au nane?

Kipa wa timu moja ya ligi ya wilaya alimuuliza kocha wake swali rahisi kabla ya mazoezi ya jioni: "Mwalimu, mpira nikiudaka nakaa nao sekunde ngapi?" Kocha akafungua simu, akasoma mwongozo ulioletwa na chama chao, akajibu sita. Msaidizi wake naye akafungua simu yake, akasoma mwongozo uleule wa chama kilekile, akasema nane.

Wote wawili walikuwa sahihi kwa kadiri ya walichokuwa nacho mkononi. Katika folda ambayo klabu zote za wilaya huchukulia nyaraka za msimu wa 2025/26 kulikuwa na faili mbili. Moja inaitwa `Mwongozo wa Waamuzi FINAL.pdf`, nyingine `Mwongozo wa Waamuzi FINAL (1).pdf`. Jalada ni lilelile, nembo ni ileile, sahihi ya katibu iko palepale. Hakuna maelezo yoyote ya kwa nini ziko mbili, wala ya ipi ifuatwe.

Wengi wakiona `(1)` kwenye jina hudhani hilo ndilo toleo la pili, yaani jipya. Si kweli. Alama hiyo huwekwa na kompyuta yenyewe pale mtu anapopakua faili wakati nyingine yenye jina hilohilo tayari ipo. Inaonyesha kwamba kwenye kompyuta ya mtu fulani faili hiyo ilifika baadaye, basi. Neno FINAL ndo kabisa halina ushahidi wowote; kila aliyefanya kazi ofisini anajua FINAL huwa zinazaa FINAL nyingine.

Tarehe ya kuwekwa kwenye folda nayo haikusaidia, kwa sababu zote ziliwekwa siku moja. Ukifungua sifa za faili, ile isiyo na namba inaonyesha imetengenezwa Agosti 2025, na ile yenye `(1)` Julai 2025. Mtu wa haraka angefunga kesi hapo: ya Agosti ni mpya. Lakini tarehe hiyo ni ya siku ambayo maandishi yaligeuzwa kuwa PDF. Maandishi ya Aprili yanaweza kugeuzwa Agosti kwa sababu tu mtu alitaka kuyachapa, na kilichoandikwa ndani kisibadilike hata nukta.

Kinachobaki ni kusoma ndani, na hapo soka ina bahati. Sheria zake haziandikwi wilayani. Zinatoka Bodi ya Kimataifa ya Vyama vya Soka, IFAB, na kila badiliko lina siku yake ya kuzaliwa. Mwongozo unaotaja badiliko fulani hauwezi kuwa uliandikwa kabla ya badiliko hilo kujulikana.

Tuanze na swali la kipa. Kwa miaka mingi sheria ilisema kipa akishika mpira kwa zaidi ya sekunde sita, wapinzani wanapewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Waamuzi wachache sana waliupuliza, maana kuuweka mpira ndani ya boksi na ukuta wa watu 11 mstarini ni vurugu tupu. Machi 1, 2025, katika mkutano wake wa Belfast, IFAB ikapitisha kwamba sasa ni sekunde nane, na adhabu yake ni kona. Mwamuzi anainua mkono na kuhesabu kwa vidole sekunde tano za mwisho, kila mtu anaona. Badiliko lilianza rasmi Julai 1, 2025, ila Kombe la Dunia la Klabu la Juni mwaka huo liliwahi kulitumia, na Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns aliadhibiwa kwa kosa hilo kwenye mechi dhidi ya Ulsan.

Faili ya Agosti inasema nane na kona. Kwa hiyo haikukamilika kabla ya Machi 2025. Faili ya Julai, ile yenye `(1)`, inasema sita na mpira wa adhabu. Mpaka hapa ya Agosti inaongoza, na hata tarehe za faili zinaiunga mkono.

Halafu unafika kifungu cha penalti na mambo yanageuka.

Machi 12, 2025, Julian Alvarez wa Atletico Madrid aliteleza akipiga tuta dhidi ya Real Madrid kwenye Ligi ya Mabingwa. Mpira ulimgusa mguu wa pili, ukaingia wavuni, na VAR ikalifuta bao hilo. Atletico wakatoka. Mjadala ulikuwa mkubwa, na mwanzoni mwa Juni 2025 IFAB ikatoa waraka: mpigaji akigusa mpira mara mbili kwa bahati mbaya na ukaingia, penalti irudiwe. Usipoingia, kwenye mechi ya kawaida wapinzani wanapewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, na kwenye matuta inahesabiwa amekosa. Anayegusa mara mbili kwa makusudi hana msamaha huo.

Faili ya Julai inalo agizo hili, tena kwa kirefu. Faili ya Agosti hailijui kabisa. Inasema aliyegusa mara mbili anaadhibiwa, na haimtengi aliyeteleza.

Sasa picha ni hii. Faili ya Agosti ina habari ya Machi na haina ya Juni. Faili ya Julai ina habari ya Juni na haina ya Machi. Hakuna iliyotoka kwa mwenzake. Kama moja ingekuwa marekebisho ya nyingine, ingebeba yote ya nyuma na kuongeza yake. Hizi ni ndugu wawili wa mzazi mmoja, ule mwongozo wa msimu uliopita. Mtu mmoja aliuchukua akaingiza mambo ya Belfast. Mwingine aliuchukua uleule wa zamani, bila kujua kazi ya mwenzake, akaingiza suala la tuta kwa sababu ndilo lililokuwa midomoni mwa watu.

Makosa ya uandishi yanathibitisha. Kwenye ukurasa wa nne zote mbili zimeandika "mwamuzi msaidzi", kosa lililorithiwa kwa mzazi. Kwenye ukurasa wa tisa faili ya Julai ina mstari uliorudiwa mara mbili, wakati ya Agosti umefutwa mmoja. Nani angesahihisha kosa halafu mwenzake alirudishe vilevile?

Ipi mpya, basi? Kwa kalamu, ile ya Julai: kilichomo ndani yake hakiwezi kuandikwa kabla ya Juni, ilhali kazi ya faili ya Agosti inaonekana kuishia kati ya Machi na Juni. Hilo la pili ni la kukisia, kwa sababu kutotaja jambo si ushahidi kwamba halijatokea. Mwandishi anaweza kuwa hakuuona waraka. Lakini upya huo haumsaidii kipa. Faili iliyo mpya zaidi ndiyo inayompa sheria ya zamani. Swali la maana linabaki la kifungu kwa kifungu: kwa kipa, ya Agosti ndiyo sahihi, kwa tuta, ya Julai.

Ndiyo maana orodha ya tofauti ni muhimu kuliko ushindi wa faili moja. Katibu wa klabu anaweza kuzifungua zote kwenye Word, aende Review, kisha Compare. Angalizo ni moja: Word inauliza ipi ni ya awali na ipi imerekebishwa, na ukizigeuza, kilichoongezwa kitaonekana kimefutwa. Na kwa kuwa PDF ikigeuzwa mistari hukatika ovyo, programu itapaka rangi vitu vingi ambavyo havijabadilika. Nyaraka zikiwa ni picha za skana, afadhali watu wawili wakae mezani, mmoja asome kwa sauti, mwingine afuate kwa kalamu. Inachosha lakini haikosei sana.

Waliofanya hivyo walipata tofauti nyingi, ila zenye uzito ni nne tu. Mbili ni hizo za kipa na tuta. Ya tatu ni mpira wa kudondoshwa nje ya boksi: faili ya Julai inaupeleka kwa timu iliyougusa mwisho, kama zamani, na ya Agosti inaupeleka kwa timu iliyokuwa nao au ambayo ingeupata, ikiwa mwamuzi ana uhakika; asipokuwa na uhakika ndipo unarudi kwa aliyegusa mwisho. Hiyo nayo ni ya 2025, kwa hiyo ya Agosti tena.

Ya nne ndiyo inayouma. Faili ya Agosti inasema klabu inayotaka kukata rufaa iwasilishe barua ndani ya saa 24 baada ya mechi. Faili ya Julai inasema saa 48.

Hapa IFAB haisaidii. Muda wa rufaa ni uamuzi wa chama chenyewe, haumo kwenye sheria 17 za soka. Mwongozo wa mzazi ungeweza kusaidia kidogo, kwa sababu ukisema 24, basi 48 ndilo lililobadilishwa, na kinyume chake. Lakini hata ukijua lipi limebadilishwa, hujajua kama kamati ilikaa ikalipitisha au mtu alikosea kuandika. Jibu liko kwenye muhtasari wa kikao cha kamati, na klabu ina haki ya kuuomba kwa barua, ikitaja faili zote mbili kwa majina na tarehe zake.

Kabla barua haijajibiwa, yapo mambo yanayoweza kuendeshwa bila kusubiri. Barua ya rufaa ikifika ndani ya saa 24 iko salama kwa faili zote mbili. Kipa akiachia mpira kabla ya sekunde sita hana kosa kwa faili yoyote. Kwenye tuta na mpira wa kudondoshwa hakuna njia ya katikati, kwa hiyo manahodha wanatakiwa kumuuliza mwamuzi kabla ya mechi anatumia lipi, mbele ya kamishna, na jibu liandikwe kwenye ripoti.

Yule kipa ameambiwa ahesabu hadi tano, aachie.