Gesi Imeisha Siku ya Tano: Shida ya Kweli au Mzinga?

Mrembo mmoja wa Sinza alianza yeye kutoa. Siku ya pili ya kuchati alimrushia jamaa vocha ya elfu mbili bila kuombwa. Jamaa akajua huyu siyo wa mizinga. Siku ya tano meseji ikaingia: gesi imeisha, naomba elfu 25, weka na ya kutolea.

Hapo wengi huangalia ukubwa wa hela, wakati cha kuangalia ni anavyolipokea jibu. Jamaa alijibu kistaarabu: "Nitumie lipa namba ya duka, nilipie sasa hivi wakuletee mtungi." Aliyeishiwa gesi kweli angeshukuru fasta, maana maharage yako jikoni. Yeye akaja na sababu: duka limefungwa, mara muuzaji hana lipa namba, mara "mbona mimi nilikutumia vocha bila maswali?"

Basi, vocha ya elfu mbili imeshageuka deni la elfu 25. (Na wanaume wana yao: ananunua chipsi kuku, binti akikataa kwenda geto anasomewa bili.)

Siyo kila anayeomba ni tapeli. Mishahara huchelewa, na wapo wanaoona kumwambia mpenzi shida ndiyo ukaribu wenyewe. Huyo ukimwambia "mwezi huu sina" atanuna kidogo, kesho anakusalimia kama kawaida. Wa Sinza alipoambiwa hivyo, jamaa alikula bloku kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.