Mabao Matatu Mapumzikoni: Kocha Aseme Nini?

Ukipita Makadara hapa Mombasa jioni vijana wakicheza kandanda, timu iliyofungwa mabao matatu utaijua bila kuuliza. Mlinzi anamlaumu kipa, kila mmoja anaukimbilia mpira, na hakuna anayebaki mahali pake. Mapumziko yakifika, kocha huongeza moto kwa kufoka, kisha anaamuru wote waende mbele.

Hebu tukumbuke Istanbul, Mei 25, 2005, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Liverpool walikwenda mapumzikoni wakiwa nyuma 3-0 dhidi ya AC Milan. Maldini alifunga dakika ya kwanza, Crespo akaongeza mawili. Kocha Rafael Benitez alikuwa na robo saa tu. Hata yeye aliguswa na haraka hiyo: wachezaji wake wamesimulia kwamba kwa muda ubao wake ulikuwa na watu 12! Lakini hakufoka. Aliwataka wasiinamishe vichwa, watafute bao moja kwanza. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kufikiria mabao matatu, moja analiweza.

Kisha akaziba tundu moja. Kaka wa Milan alikuwa akipokea mpira kati ya viungo na walinzi wa Liverpool, akigeuka apendavyo na kuwapasia washambulizi. Beki Finnan alikuwa ameumia, basi Benitez akamtoa na kumwingiza Hamann, kiungo wa kukaba, asimame papo hapo. Nyuma wakabaki walinzi watatu. Angalia ajabu yake: timu iliyohitaji mabao iliongeza mkabaji! Lakini kwa kuwa Hamann alikuwa akilinda, nahodha Gerrard alipata uhuru wa kupanda.

Gerrard alifunga kwa kichwa dakika ya 54, Smicer akafuata dakika ya 56, na dakika ya 60 Alonso akafunga mpira wa penalti uliotemwa na kipa. Liverpool walishinda kwa mikwaju ya penalti, 3-2.

Usidhani badiliko lile lilimaliza kila kitu. Milan walizidi kushambulia, na katika muda wa nyongeza kipa Dudek alimzuia Shevchenko mara mbili mfululizo, karibu kabisa na lango.

Kwa hivyo wewe unayewafunza vijana wa mtaa, usiufuate mpira kwa macho kipindi cha kwanza. Mtafute mpinzani anayepokea mpira akiwa ameelekea lango lenu, na hana mtu karibu. Akifanya hivyo mara tatu, tundu umeliona. Mapumzikoni waache wanywe maji na pumzi ziwarudie kabla hujasema neno. Halafu mtaje mchezaji mmoja, umwonyeshe mahali pa kusimama, na mwenzake umwambie yupi sasa ana ruhusa ya kupanda. Ukiwapa maagizo matano, watarudi uwanjani wakiulizana.